Siki kali izimuliwe kwa hesabu, si kwa mazoea

Siki inayouzwa madukani kwa chupa ndogo aghalabu huwa na nguvu ya asilimia 5, yaani katika kila mililita 100 mna takriban gramu 5 za asidi inayoifanya iwe kali. Lakini wale watengenezao achari ya kuuza, kama vile akina mama wenye vibanda kando ya barabara ya Namanga kuanzia Kitengela hadi Kisaju, huona ni nafuu kununua mtungi wa siki kali na kuizimua kwa maji nyumbani. Hilo halina ubaya wowote. Ubaya huja pale kipimo kinapopokewa kwa jirani na kutumiwa bila kuangalia kilichoandikwa kwenye mtungi.

Kipimo kinachosikika sana ni "kikombe kimoja cha siki kwa vikombe vitatu vya maji". Ni kipimo sahihi kabisa iwapo siki ni ya asilimia 20, kwani 20 ikigawanywa kwa vikombe vinne inabaki 5. Sasa tuseme mwezi ujao mwenye duka hana ile ya asilimia 20, na mama huyo anapewa mtungi wa asilimia 12. Mtungi ni uleule kwa sura, harufu inapanda puani vilevile, naye anazimua moja kwa tatu kama kawaida. Atapata siki ya asilimia 3. Kwa ulimi ingali kali, na mnunuzi huenda akaisifu kuwa si chachu mno. Kumbe kinga imeondoka.

Hesabu yenyewe haihitaji elimu kubwa. Chukua nguvu unayoitaka. Hiyo ndiyo idadi ya vipimo vya siki. Kisha toa nguvu unayoitaka kutoka kwa nguvu iliyoandikwa kwenye mtungi. Jibu ndilo idadi ya vipimo vya maji. Kwa mtungi wa asilimia 12, ukitaka 5, siki ni vipimo 5 na maji ni 12 kutoa 5, yaani vipimo 7. Jumla ni vipimo 12. Mama anayetaka lita 6 atagawanya 6 kwa 12 na kupata nusu lita kwa kila kipimo. Kwa hiyo atapima lita 2 na nusu za siki na lita 3 na nusu za maji. Mtungi ukiwa wa asilimia 10, hesabu hiyohiyo itampa vipimo 5 kwa 5, nusu kwa nusu.

Mimina maji kwanza, halafu siki juu yake taratibu, ili ikiruka isikufikie machoni ikiwa na ukali wake wote. Tumia chombo cha plastiki ya chakula, kioo au chuma kisichoshika kutu. Sufuria ya alumini huliwa na asidi. Usinunue kamwe ile asidi ya viwandani, ya asilimia 80 au zaidi, inayouzwa kwa watengenezaji wa sabuni na rangi. Hiyo huunguza ngozi na koo, na hakuna aliyeahidi kuwa ni safi kwa chakula.

Kuna kosa jingine ambalo ni rahisi kufanya, nalo ni kuhesabu maji mara moja pale yanapopaswa kuhesabiwa mara mbili. Maelezo ya achari yakisema "vikombe viwili vya siki na vikombe viwili vya maji", siki hapo ina maana ya siki ya asilimia 5. Basi kwanza uizimue ile kali mpaka ifike 5, na baadaye ndipo uongeze maji ya achari yenyewe. Maji hayo yasizidi siki. Mboga nazo zina maji mengi ndani yake, ambayo chumvi huyavuta nje, kwa hiyo zikaushwe vyema baada ya kuoshwa na zisishindiliwe kwenye chupa hadi siki ikose nafasi. Achari ikionekana chachu mno, ongeza sukari. Usipunguze siki.

Sababu ya ukali huu wote ni kijidudu kimoja kiishicho udongoni, ambacho husababisha ugonjwa wa botulizimu. Mbegu zake hushikamana na vitunguu, karoti na vitunguu saumu, na hazifi kwa kuchemshwa tu kwenye sufuria. Ndani ya chupa iliyofungwa, kusiko na hewa, huchipuka na kutoa sumu, isipokuwa asidi ikiwa ya kutosha. Wataalamu hutumia kipimo kiitwacho pH, ambacho hushuka kadiri asidi inavyozidi, na mpaka wa usalama ni 4.6. Chupa yenye sumu huenda isinuke wala isibadilike rangi, na ndiyo maana kuonja si njia ya kupima. Mtu aliyekula achari kisha akaanza kuona vitu viwiliviwili, kope zikalegea, au akashindwa kumeza na kutamka maneno, apelekwe hospitali upesi, hata kama hana homa.

Je, kama karatasi ya mtungi imebanduka? Iko njia ya kukisia. Pima mililita 100 za siki uliyoizimua na uitie magadi ya kuokea mikate, kidogokidogo, ukikoroga mpaka povu likome. Siki ya asilimia 5 humeza takriban gramu 7, ambazo ni kijiko kimoja na nusu cha chai, kilichosawazishwa. Fanya vivyo hivyo kwa siki ya chupa yenye namba uliyo na hakika nayo, kisha ulinganishe. Ikiwa yako imekoma kutoa povu mapema sana, ni hafifu. Njia hii itatofautisha 5 na 3, lakini si 5 na 4 na nusu. Kwa achari ya kuuza, mtungi usio na namba ni heri urudishwe dukani.

Upande wa Kajiado maji nayo yana neno. Maji ya visima virefu mara nyingi ni magumu, na baadhi yake yana floraidi nyingi, ambayo haiondolewi na siki wala kwa kuchemsha. Ugumu huo hula asidi kidogo tu katika siki ya asilimia 5, pengine sehemu moja kwa mia, lakini huweza kuifanya achari iwe na ukungu. Maji ya mvua yaliyochemshwa na kupoa yanafaa zaidi.

Kwa kuosha sukuma wiki, dhania au nyanya, nguvu ndogo yatosha: kipimo kimoja cha siki ya asilimia 5 kwa vitatu vya maji, ambayo ni kama asilimia moja na robo. Kutoka kwa mtungi wa 12, ni kimoja kwa vinane. Ondoa udongo kwanza, loweka kwa dakika 5, kisha suuza kwa maji safi ya kunywa. Vijidudu hupungua lakini havimaliziki, na dawa za kunyunyizia mimea hazitoki kwa uhakika. Wakati wa kipindupindu usiitegemee siki, pika mboga. Wala usiichanganye siki na jiki katika beseni moja ukidhani utapata nguvu maradufu, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa hewa ya klorini inayochoma mapafu.