Manjano na Pilipili ya Unga: Maji Yanasema Nini, Yanaficha Nini

Wasomaji wa Kinondoni na Temeke wameuliza kuhusu viungo vya kusagwa vinavyouzwa sokoni na madukani. Mkaguzi wa viungo anawajibu.

Shikamoo. Mimi ni mama lishe wa Mbagala Rangi Tatu. Manjano ninayochukua Tandika yanakolea kupita kiasi, kijiko kimoja tu sufuria zima linawaka. Nitajuaje kama yametiwa rangi?

Marahaba, mama. Anza na glasi ya kioo. Ijaze maji ya kawaida, nyunyiza nusu kijiko cha chai cha manjano juu yake, kisha usikoroge wala kuitikisa kwa dakika kumi hivi. Manjano halisi hayapendi kuyeyuka katika maji. Mengine huelea, mengi huzama polepole, na maji hubaki na unjano hafifu. Ukiona michirizi mikali inashuka kama wino na glasi nzima inageuka njano iliyokoza, hapo kuna rangi inayoyeyuka majini. Wasiwasi wangu mkubwa ni rangi zisizo za chakula, zikiwemo za viwandani.

Ukimaliza, mwaga maji taratibu na usugue machicha yaliyobaki kati ya vidole. Manjano yaliyosagwa vizuri ni laini. Chengachenga zinazokwaruza ni mchanga au vumbi la tofali. Kamulia limau kwenye unga mkavu: ukitoa mapovu, kuna chaki au chokaa.

Kipimo kingine unakijua tayari, ila hukukiita kipimo. Paka manjano kwenye kitambaa cheupe, kifue kwa sabuni, halafu kianike juani. Doa la manjano halisi huwa jekundu likigusa sabuni, kisha jua hulififisha siku hiyohiyo au inayofuata. Doa linalobaki njano kali baada ya siku mbili za jua la Dar linatia shaka. Wekundu peke yake usikuridhishe, kwa sababu hata manjano kidogo yaliyochanganywa na rangi nyingi yatageuka mekundu.

Kwa hiyo yakifaulu glasi, ni salama?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika. Glasi humkamata tapeli mvivu. Ile rangi ya hatari kuliko zote, kromati ya risasi, haiyeyuki majini na ni nzito, kwa hiyo huzama chini na kuacha maji masafi. Glasi itayapa manjano ya namna hiyo alama nzuri kuliko ya kwako.

Bangladesh ndiyo iliyotufundisha. Mwaka 2019 watafiti walichapisha ushahidi kwamba baadhi ya wasindikaji wa huko walikuwa wakipaka mizizi mikavu ya manjano unga wa kromati ya risasi ili ing'ae, na risasi hiyo ilikuwa ikiingia katika damu za watu. Haina harufu wala ladha, na hudhuru ubongo wa mtoto, aliye tumboni akiwemo. Serikali ikaonya umma, ikaingia sokoni na vifaa vya kupimia, ikawatoza faini wauzaji. Kufikia 2021 sampuli zilizochukuliwa masokoni hazikuwa tena na risasi. Sisemi kwamba ya kwetu yako hivyo. Ninachosema ni kwamba jikoni hakuna kipimo cha risasi. Ni maabara tu.

Ndiyo maana ninapenda watu wanunue mzizi mzima au vipande vilivyokaushwa. Mzizi mkavu wa kawaida una ganda lililofifia, la kahawia au kijivu, na ukiuvunja ndani ni rangi ya chungwa. Unaong'aa njano nje na kukuachia unga mkali viganjani, huku ndani umepauka, uache palepale.

Nipo Tandale. Nimeona mtu mtandaoni akidondoshea pilipili ya unga mafuta, mafuta yakawa mekundu, akasema ni feki. Ni kweli?

Amekosea, kaka. Wekundu wa pilipili halisi huyeyuka katika mafuta, ndiyo maana mchuzi wenye pilipili huwa na mafuta mekundu juu. Bahati mbaya, rangi za viwandani ziitwazo Sudani nazo huyeyuka katika mafuta na hazitoki majini. Mafuta hayawezi kuzitofautisha. Ni rangi hizo zilizoingia katika pilipili ya unga iliyotumika kutengeneza sosi huko Uingereza, na mwezi wa Februari 2005 vyakula zaidi ya 400 vikaondolewa madukani.

Tumia maji. Pilipili halisi huyapa maji wekundu kidogo sana. Yakigeuka waridi au mekundu mara moja, kuna rangi ya maji, mfano wa ile wanayopakia ukili wa mikeka. Kwa unga wa sembe au muhogo, dondoshea tone la ayodini ya dawa kwenye pilipili iliyolowana. Pilipili mbivu karibu haina wanga, kwa hiyo weusi wa bluu unaoenea ni ushahidi wa unga. Vidoa vichache vinaweza kuwa mabaki ya mashine iliyotoka kusaga mahindi. Kipimo hiki usikifanye kwa manjano: mzizi wenyewe una wanga mwingi, utamsingizia mtu bure.

Bei inasema lolote?

Inasema mengi kuliko rangi. Manjano mabichi yakikauka hubaki robo au moja ya tano ya uzito. Tuseme kilo ya mabichi ni shilingi 1,500. Kilo moja ya unga inataka kilo nne hadi tano, yaani 6,000 hadi 7,500, kabla ya nauli, kusaga na vifuko. Atakayekuuzia unga kwa 6,000 ama anakula hasara, ama ndani kuna kitu cha bei rahisi. Weka bei ya wiki hii, hesabu ni ileile.

Mfungashaji wa kuaminika nampataje huku Tegeta? Wapo wengi, kila mmoja na lebo nzuri.

Lebo nzuri ni kazi ya mchapaji, dada yangu. Tafuta jina na mahali anapofanyia kazi, viambato, uzito, tarehe ya kutengenezwa na kuisha, na namba ya toleo. Bila namba ya toleo, hata yeye mwenyewe hawezi kujua ni gunia gani limeharibu. Kisha tafuta alama ya TBS na namba ya leseni yake, uiulizie TBS kama ni ya kampuni hiyo na ya bidhaa hiyo. Tangu Julai 2019 usalama wa chakula umehamia kwao kutoka iliyokuwa TFDA.

Wajasiriamali wengi wadogo bado wako njiani kuipata alama, wengine wakisaidiwa na SIDO, na siwezi kukwambia uwakwepe wote. Mwombe akuonyeshe malighafi kabla haijasagwa. Muulize inatoka wapi. Wa Muheza au Matombo anaweza kukutajia anayemletea. Muulize anasagia wapi, na kama mashine hiyo husaga mahindi. Angalia pilipili inaanikwa juu ya kichanja au chini kando ya barabara, maana pilipili isiyo na rangi hata chembe bado inaweza kuwa na kuvu. Anayekukatalia kuona gunia, usirudi.

Nikishashuku, nifanye nini?

Usiutupe unga na usiuhamishie kwenye kopo. Uache katika pakiti yake, nunua nyingine ya toleo hilohilo ambayo haijafunguliwa, tunza risiti, uzipeleke TBS pale Ubungo. Unga uliopimwa kwa kopo sokoni bila lebo ni vigumu kufuatilia ulikotoka.