Mkalimani wa Kujitegemea: Ya Kuuliza Kabla Hujataja Bei

Simu inaita: "Tuna semina Morogoro wiki ijayo, siku mbili, Kiingereza na Kiswahili. Kwa siku unachukua ngapi?" Bei iache kwanza. Tuseme ni semina ya wakulima wa mbegu na wafadhili wao, na tuanzie hapo.

1. Jua ni ukalimani wa aina gani

Mwenye semina mara nyingi hajui tofauti, kwa hiyo mweleze. Katika ukalimani fuatizi, msemaji huongea dakika mbili tatu, akanyamaza, ndipo nawe unapoeleza. Maikrofoni inatosha, ila muda unakaribia kuwa maradufu: mada ya dakika 30 inakula karibu saa nzima. Katika ukalimani wa papo kwa papo unakaa kibandani na hedifoni masikioni, unasikiliza huku unasema. Muda hauongezeki, lakini mwenye semina atalipia kibanda, visikilizio vya washiriki, fundi mitambo na mkalimani wa pili.

Omba ratiba. Kama siku ya kwanza imejaa mada kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, ukalimani fuatizi hauwezekani bila kupunguza mada kwa nusu. Siku ya pili wanakwenda shambani. Kibanda hakiendi huko, na fuatizi ndiyo inayofaa.

2. Kibandani ni watu wawili

Hupokezana kila baada ya dakika 20 hadi 30. Ukizidisha hapo, vinavyopotea kwanza ni tarakimu na mwisho wa sentensi, na wewe mwenyewe huwa wa mwisho kugundua. Anayepumzika maikrofoni hapumziki kazi: anamwandikia mwenzake tarakimu na majina, anamtafutia istilahi. Ukiambiwa "mmoja atatosha, bajeti ni ndogo," kataa kwa upole na ueleze sababu.

3. Orodha ya istilahi iwe fupi, na iwe yenu wawili

Omba mada zenyewe, majina na vyeo vya wasemaji, na ripoti ya mkutano uliopita. Chambua humo maneno yatakayojirudia, uyapange kwenye kurasa mbili tu, maana ukiwa kibandani huna muda wa kupekua. Kwa semina yetu utaweka uotaji, mbegu mama, mbegu za daraja la kuazimiwa ubora, na vifupisho kama TOSCI na QDS.

Kisha mpigie bwana shamba umuulize wakulima wa huko wanasemaje. Mwisho kubalianeni na mwenzako. Wewe ukisema "mbegu chotara" asubuhi, naye akisema "mbegu mahuluti" baada ya chai, mkulima atadhani ni mbegu za aina mbili, na atauliza ipi bei nafuu. Nimeona mjadala mzima ukipotea kwa jambo la namna hiyo, na hakuna mshiriki anayeweza kujua kuwa kosa limetoka kibandani.

4. Kwenye fuatizi, andika hoja

Usijaribu kunasa kila neno. Andika nani kafanya nini, viunganishi kama "lakini" na "kwa sababu", na kila tarakimu pamoja na kipimo chake: "40" peke yake haikusaidii, kwani inaweza kuwa kilo au asilimia. Piga mstari kila msemaji anapotua, ili jicho lijue pa kuanzia.

5. Papo kwa papo, ogopa hotuba inayosomwa

Anayesoma huenda mbio kuliko anayeongea. Pia Kiingereza hutanguliza sifa tatu nne kabla ya jina, na Kiswahili kinalitaka jina kwanza, kwa hiyo lazima usubiri ukiwa umebeba sifa zote kichwani. Nakala ya hotuba, hata ikifika nusu saa kabla, inakuokoa. Fika mapema ujaribu sauti na fundi.

6. Sasa taja bei

Toza kwa siku, si kwa saa. Tuseme bei yako ni shilingi 400,000 kwa siku, yaani 800,000 kwa semina nzima. Kwa mkazi wa Tanzania, mlipaji hukata kodi ya zuio ya asilimia 5, hivyo utapokea 760,000. Ukitaka 800,000 kamili mkononi, andika 842,105. Hiyo kodi iliyokatwa huhesabiwa kwenye kodi yako ya mapato ya mwaka, kwa hiyo dai cheti chake.

Nauli, malazi na siku ya safari viandikwe pembeni. Weka pia kwenye barua ya makubaliano malipo ya saa za ziada, ruhusa ya kurekodi sauti yako, na kiasi utakacholipwa semina ikiahirishwa siku chache kabla, kwa sababu tarehe hizo umeshawanyima wengine.