Siku 90 bila riba, halafu bili ya riba

Swali: Nimenunua sofa ya dola 1,200 dukani hapa Marekani, kwa mpango wa siku 90 bila riba. Nikibakiza kidogo, nitatozwa riba ya hicho kilichobaki tu?

Jibu: Hapana. Katika mpango huu riba huhesabiwa tangu siku ya ununuzi, ila huwekwa kando. Mteja akimaliza deni lote ndani ya muda, inafutwa. Akibakiza hata dola moja, yote inaingia kwenye bili.

Tuseme riba ni asilimia 30 kwa mwaka, na mnunuzi analipa dola 380 siku ya 30, ya 60 na ya 90. Anabaki na deni la dola 60. Riba yake ni ya dola 1,200 kwa siku 30 za kwanza, dola 820 kwa 30 zilizofuata, na dola 440 kwa 30 za mwisho: jumla takriban dola 61. Deni limeongezeka maradufu.

Mtego huu hujulikana kwa maneno “if paid in full within 90 days” kwenye mkataba. “0% APR” halisi huanza kutoza riba baada ya muda kwisha, na kwa salio tu.

Kiwango cha chini kwenye bili kwa kawaida hakimalizi deni. Hivyo mnunuzi agawanye bei yote kwa malipo matatu ya dola 400. Pia siku 90 si lazima ziwe miezi mitatu: aliyenunua Juni 1 anafikia ukomo Agosti 30, hivyo malipo ya Septemba 1 yamechelewa.