Chupa ya Chai: Kutoka Saa Tatu Usiku Hadi Daku

Katika hosteli nyingi za wanafunzi hapa Kigali huwezi kuwasha jiko saa kumi alfajiri. Anayetaka chai ya moto wakati wa daku huichemsha baada ya tarawehe, yapata saa tatu usiku, akaimimina kwenye chupa ya chai, yaani themosi, kisha akalala. Chupa hiyo inatakiwa kulinda joto kwa saa saba bila umeme wala mkaa. Ukijua inavyofanya kazi, utajua pia kwa nini chupa mbili zinazofanana, zilizojazwa usiku mmoja, zinaweza kutoa chai mbili tofauti kabisa.

Njia tatu za joto

Joto daima hutoka penye moto kwenda penye baridi, na lina njia tatu. Ya kwanza ni mpitisho: ukiweka kijiko cha chuma ndani ya chai, baada ya muda mpini unakuunguza vidole. Ya pili ni kubebwa: hewa au maji yaliyopata moto hupanda juu, ya baridi yakashuka kuchukua nafasi, na mzunguko huo ukabeba joto. Ya tatu ni mnururisho: ukikaa kando ya jiko la mkaa unahisi joto usoni ingawa hujaligusa, na hewa yake moto inapanda juu, haiji kwako. Kwa njia hii ya tatu joto la jua hutufikia likipita mahali pasipo na hewa kabisa.

Chupa ya chai imejengwa kuziba njia zote tatu. Ukiifungua ile ya kioo, ndani ya ganda la bati au plastiki utakuta chupa mbili za kioo, moja ndani ya nyingine, zimeunganishwa mdomoni tu. Kati yake hewa imenyonywa, pakabaki ombwe. Mpitisho unahitaji kitu cha kupitia, na kubebwa kunahitaji hewa au maji ya kubeba. Ombwe halina hivyo. Ila mnururisho hauzuiwi na ombwe, kama jua linavyotuonyesha. Kwa hiyo nyuso za kioo zinazotazama ombwe hupakwa utando mwembamba wa fedha, unaong'aa kama kioo cha kujitazamia, ili joto lirudishwe lilikotoka.

Aliyeiunda chupa hii hakuwaza chai. James Dewar, mwanasayansi wa Uskoti aliyefanya kazi London, aliitengeneza mwaka 1892 ili kuhifadhi gesi zilizogeuzwa kimiminika. Oksijeni ya kimiminika huchemka kwenye nyuzi 183 chini ya sifuri, kwa hiyo kwake hata hewa ya chumbani ilikuwa kama moto wa jiko. Alitaka kuzuia joto lisiingie. Ukuta unaozuia joto kuingia huzuia pia lisitoke, na ndiyo sababu chupa hiyohiyo hutunza chai ya moto na maji ya barafu. Dewar hakuchukua hataza, na kampuni ya Kijerumani iliyoanzishwa mwaka 1904 ndiyo iliyoiuza kwa watu wa kawaida kwa jina la Thermos.

Joto linapotorokea

Baada ya ombwe na fedha, bado limebaki tundu moja: mdomo. Hapo vioo viwili vinakutana, na hapo pia ndipo kizibo kilipo. Ukigusa chupa nzima yenye chai ya moto, utahisi uvuguvugu karibu na shingo, ilhali ubavu uko kama ulivyo. Joto linalopotea hapo ni dogo, lakini halikomi, na halijali kama chupa imejaa au la.

Nilijaribu chumbani kwangu kwa chupa mbili za kioo za lita moja, zilizonunuliwa pamoja, na kipimajoto nilichoazima. Chumba kilikuwa na nyuzi 20. Kigali iko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, hivyo maji huchemka karibu nyuzi 95, si 100. Nilizipasha chupa zote mbili kwanza kwa maji ya moto. Nikajaza moja hadi shingoni, nyingine nusu, zote zikiwa na nyuzi 91 nilipoziba. Saa saba baadaye iliyojaa ilikuwa na nyuzi 71, na ile ya nusu nyuzi 57.

Sababu ni nyepesi. Chupa zote mbili hupoteza joto kwa kasi inayokaribiana, lakini nusu lita ina akiba nusu ya lita moja, kwa hiyo hupoa kwa kasi karibu mara mbili. Asiyejua husema chupa yake imechoka, kumbe ameipa akiba ndogo.

Kupasha chupa kwanza nako kuna hesabu yake. Tuseme kioo cha ndani kina uzito wa gramu 250 na kina nyuzi 20 kama chumba. Ukimimina humo lita moja ya chai ya nyuzi 91, kioo kinachukua joto lake mara moja, na chai inashuka nyuzi 3 hivi kabla hujaziba. Ukimimina nusu lita, inashuka karibu 7. Dakika tano za maji ya moto, kisha uyamwage, zinaokoa nyuzi hizo.

Jambo la maziwa

Tofauti kati ya nyuzi 71 na 57 haiishii kwenye ladha. Vijidudu vinavyoharibu chakula haviwezi kuzaana vizuri juu ya nyuzi 60. Chini ya hapo vinaanza kupata nafasi, na kadiri chai inavyokuwa vuguvugu ndivyo vinavyostawi. Chai ya maziwa katika chupa ya nusu imevuka mpaka huo kabla ya daku, na chupa hiyohiyo ikiachwa hadi mchana ni hatari zaidi. Anayeharisha mchana wa funga hupoteza maji asiyoweza kuyarudisha hadi magharibi. Kwa hiyo weka maji au chai ya rangi, na uongeze maziwa ya unga wakati wa kunywa.

Kujua kama chupa imekufa

Chini ya kioo kuna kincha kidogo kilichozibwa kwa moto, mahali hewa iliponyonywa. Kikivunjika, hewa inaingia kimyakimya. Chupa haivuji, haina ufa unaoonekana, lakini ombwe limekwisha. Ijaze maji yanayochemka, izibe, na usubiri robo saa. Ubavu ukipata moto kuanzia juu hadi chini, ombwe limetoka, na alfajiri utakuta chai ya vuguvugu. Uvuguvugu ukiwa shingoni tu, chupa ni nzima. Ukiitikisa ukasikia vipande vya kioo, usinywe kilichomo hata kama kinaonekana safi. Chupa za chuma cha pua hazivunjiki hivyo, ila zikianguka na kubonyea, kuta mbili zinaweza kugusana, na joto likapata daraja.

Kwa futari, kinyume chake: poza chupa kwa maji baridi kabla ya kuweka sharubati na barafu. Baridi hudumu kuliko moto, kwa sababu kati ya barafu na chumba kuna nyuzi 20 tu, ilhali kati ya chai na chumba kuna 71. Na barafu yenyewe humeza joto jingi kabla ya kuyeyuka yote. Jaza hadi shingoni, ziba, na usiifungue hadi wakati wake.