Nani Athibitishe, na kwa Kipimo Gani?

Swali moja hurudi mara kwa mara katika mikutano ya wakazi na polisi hapa Bujumbura: inakuwaje askari aliyeachiwa na mahakama ya jinai aadhibiwe kazini kwa tukio lile lile? Wengine huuliza kinyume chake: inakuwaje askari aliyefukuzwa kazi kwa kosa ambalo mtaa mzima unalijua arudishwe na mahakama ya utawala? Anayeuliza hudhani kwamba mmoja wa mahakimu amekosea. Mara nyingi hakuna aliyekosea. Kila mmoja aliulizwa swali lake, akalipima kwa mizani yake.

Katika somo hili tutafuata tukio moja tu, nalo tutalipitisha kwenye meza tatu: ya jinai, ya madai na ya utawala. Tukio lenyewe tumelitunga kwa ajili ya mafunzo, na halimhusu mtu yeyote. Kwenye kila meza tutauliza mambo mawili. La kwanza ni mzigo wa kuthibitisha, yaani nani anayetakiwa kuleta ushahidi, na ambaye atashindwa ikiwa ushahidi hautoshi. La pili ni kipimo cha uthibitisho, yaani hakimu asadiki kwa kiasi gani kabla ya kuamua.

Mfano wetu ni huu. Mama mmoja mfanyabiashara wa Buyenzi anasema kwamba askari alichukua marobota yake matatu ya vitenge wakati wa ukaguzi, akayapakia kwenye gari la polisi, wala hakumwachia karatasi yoyote. Mali haikurudi. Majirani wawili waliona marobota yakipakiwa. Ndani ya gari walikuwamo askari wengine wawili. Daftari la vitu vilivyokamatwa kituoni halina mstari wowote kuhusu vitenge siku hiyo. Askari anasema aliyakabidhi kituoni, na kwamba kuandika daftarini haikuwa kazi yake.

Tuanze na meza ya jinai, ambako askari anashtakiwa kwa wizi. Katiba ya Burundi ya mwaka 2018 inamhesabu kila mshtakiwa kuwa hana hatia mpaka hatia yake ithibitishwe kisheria katika kesi ya hadhara ambamo amepata nafasi ya kujitetea. Kwa hiyo mzigo wote uko juu ya mwendesha mashtaka. Askari halazimiki kuthibitisha kwamba hakuiba. Hata akinyamaza, ukimya wake hauzibi pengo la ushahidi. Kuhusu kipimo, majirani zetu wa Tanzania, Kenya na Uganda, waliorithi sheria ya Kiingereza, husema kosa lithibitishwe pasipo kuacha shaka ya maana. Sisi tuliorithi sheria ya Kibelgiji husema hakimu aamue kwa imani yake ya ndani, na aeleze sababu zake katika hukumu. Maneno yanatofautiana, lakini penye shaka pande zote mbili hufanya jambo moja: shaka humfaidi mshtakiwa.

Sasa tuutazame ushahidi wetu. Majirani wanathibitisha kwamba mali ilipakiwa. Lakini wizi unahitaji zaidi ya kupakia: lazima ionekane kwamba askari huyu alikusudia kuifanya mali kuwa yake. Hakuna aliyeona gari liliposhushiwa mzigo. Waliokuwamo ni watatu, na yeyote kati yao angeweza kuichukua. Hakimu mwangalifu ataona shaka, naye atamwachia askari. Hukumu hiyo haisemi kwamba vitenge havikuchukuliwa. Inasema tu kwamba wizi wa mtu huyu haukuthibitishwa.

Meza ya pili ni ya madai. Hapa mama hatafuti mtu afungwe. Anataka mali yake au thamani yake. Kanuni iliyo katika sheria yetu ya mikataba na wajibu, ambayo asili yake ni amri ya mwaka 1888, ina pande mbili. Anayedai wajibu lazima authibitishe. Na anayesema ameutimiza wajibu huo, naye lazima athibitishe kwamba ameutimiza. Upande huo wa pili husahaulika mara nyingi. Mama ataanza: ataonyesha risiti za ununuzi, ataleta majirani waliouona upakiaji, atataja idadi na bei. Akifaulu hapo, mzigo unahama. Sasa anayesema mali ilikabidhiwa ndiye anayetakiwa kuonyesha karatasi ya makabidhiano, saini, au jina la aliyepokea. Hakimu hasubiri uhakika kama ule wa jinai. Hupima ushahidi wa pande zote mbili na kutazama upi una uzito zaidi. Mama anaweza kushinda hapa baada ya askari kuachiwa kule, wala hukumu mbili hizo hazigongani.

Lakini meza hii ina hatari yake. Kama mama hana risiti, anaweza kuthibitisha kwamba alinyang'anywa na bado ashindwe kuthibitisha alinyang'anywa kiasi gani. Mali bila daftari hupotea bila habari, na methali hiyo inamhusu mfanyabiashara kama inavyomhusu askari.

Meza ya tatu ni ya utawala, nayo ina hatua mbili ambazo watu huzichanganya. Hatua ya kwanza ni nidhamu ndani ya kazi. Wakuu wa askari wanapotaka kumwadhibu, mzigo ni wao: wao ndio waonyeshe kosa. Ila kosa lenyewe si lazima liwe wizi. Swali linaweza kuwa hili tu: je, askari alikamata mali ya raia bila kuandika hati ya ukamataji, ile ambayo wengi wetu mjini huiita pe-ve? Kwa swali hilo daftari tupu ni ushahidi mzito, na majirani wawili wanatosha kuonyesha kwamba ukamataji ulifanyika. Nia ya wizi haihitajiki. Kwa hiyo askari aliyeachiwa kwa sababu ya shaka anaweza kuadhibiwa kihalali, si kwa wizi, bali kwa kukiuka utaratibu wa kazi.

Kuna mpaka, hata hivyo. Katika familia ya sheria tuliyomo, mahakama ya jinai ikiamua kwamba tukio halikutokea kabisa, kwa mfano kwamba siku hiyo askari huyu alikuwa hospitalini, wakuu hawawezi kumwadhibu kana kwamba lilitokea. Ndiyo maana haitoshi kusikia kwamba mtu ameachiwa. Lazima tusome sababu. Kuachiwa kwa shaka huacha mlango wa nidhamu wazi, na kuachiwa kwa kuwa tukio halikuwapo huufunga.

Kipimo cha uthibitisho katika nidhamu ni kipi? Nchini Kenya, mabaraza yaliyochunguza mienendo ya majaji yametafuta mahali pa katikati: juu ya kipimo cha madai, chini ya kile cha jinai. Hivyo ndivyo lilivyopima baraza lililoongozwa mwaka 2012 na Augustino Ramadhani, Jaji Mkuu mstaafu wa Tanzania, lilipochunguza mwenendo wa Naibu Jaji Mkuu wa Kenya. Sababu inaeleweka kwa urahisi: anayeadhibiwa hafungwi jela, lakini anaweza kupoteza kazi na jina lake, kwa hiyo tetesi hazitoshi. Kwetu hakuna kipimo cha kati chenye jina lake, lakini hakimu wa utawala hufikia karibu na hapo kwa njia nyingine: hukagua kama matukio yaliyoandikwa kwenye uamuzi yalitokea kweli, na kama faili linayaonyesha.

Hapo ndipo ilipo hatua ya pili. Tuseme askari amefukuzwa kazi, naye anaomba mahakama ya utawala iufute uamuzi huo. Sasa yeye ndiye mdai. Uamuzi wa mamlaka huhesabiwa kuwa halali mpaka uonyeshwe kuwa una kasoro, kwa hiyo yeye ndiye anayeanza kubeba mzigo: aeleze kasoro ni ipi na alete dalili. Lakini ushahidi mwingi hauko mikononi mwake. Faili la uchunguzi, taarifa za mashahidi na kumbukumbu za kikao vyote viko kwenye kabati la wakuu. Kumwambia athibitishe yote peke yake ni kumwambia afungue kabati ambalo hana ufunguo wake.

Tatizo hilo lilipatiwa jibu maarufu huko Paris tarehe 28 Mei 1954, katika hukumu ya Barel. Vijana watano walikuwa wamenyimwa ruhusa ya kufanya mtihani wa kuingia Chuo cha Taifa cha Utawala. Walisema wamekataliwa kwa sababu ya siasa zao, kwamba walidhaniwa kuwa wakomunisti. Hawakuwa na karatasi ya kuthibitisha hilo, ila walileta dalili nzito. Baraza la Dola, ambalo ndilo mahakama kuu ya utawala ya Ufaransa, liliamuru serikali ilete mafaili yao. Serikali haikuyaleta. Baraza likayachukua madai ya vijana kuwa yamethibitika, likaufuta uamuzi. Asiyekuwapo na lake halipo: mamlaka iliyoitwa na faili lake, ikaja mikono mitupu, haiwezi kutaka iaminiwe kwa neno lake tu. Hukumu hiyo haiwafungi mahakimu wa Burundi, lakini fikra yake ni ya mila ile ile ya sheria tunayoifuata.

Turudi kwa askari wetu. Ameleta dalili kwamba hakusikilizwa: tarehe ya barua ya kufukuzwa inatangulia tarehe ya kikao. Mahakama inaitisha faili. Likiletwa likiwa na nakala ya daftari, maelezo ya majirani yaliyosainiwa, na maelezo ya askari mwenyewe yaliyochukuliwa kabla ya uamuzi, huenda uamuzi ukasimama. Likikosekana, au likiwa na barua ya kufukuza peke yake, uamuzi unaweza kufutwa na askari akarudi kazini. Mtaa utasema mahakama imemtakasa. Sivyo. Mahakama imesema kwamba aliyemwadhibu hakuonyesha alichomwadhibia, au hakufuata njia.

Kwa hiyo tunapopokea malalamiko ya mkazi, karatasi ya siku ya kwanza ndiyo huamua mengi kwenye meza zote tatu. Mkazi ataje tarehe, saa, mahali, namba ya gari, idadi ya vitu, na majina ya walioona, kisha ahifadhi nakala ya malalamiko yake. Askari anayekamata kitu aandike hati papo hapo na kumwachia mwenye mali nakala. Hati hiyo humlinda mama dhidi ya upotevu, na humlinda askari dhidi ya tuhuma. Mkuu anayeadhibu amsikilize kwanza mtuhumiwa, aandike alichosema, aweke saini na tarehe, kisha ndipo aamue.

Na mtu akisikia kwamba askari fulani "ameshinda kesi", kabla ya kufurahi au kukasirika aulize mambo matatu: ni kwenye meza ipi, mzigo ulikuwa wa nani, na hukumu imetaja sababu gani.