Saa Ikikwambia Moja na Pumzi Ikakwambia Jingine
Kijitabu cha elimu kwa wanachama na walimu wa vikundi vya jogingi

Kijitabu hiki kimetolewa baada ya malalamiko kuzidi. Wapo wanaosimamishwa katikati ya mbio za taratibu kwa sababu saa imeandika mapigo 170. Wengine, na hawa ndio wanaotutisha, huongeza mwendo wakiwa hoi kwa sababu saa inasema bado wako kanda ya chini. Kuanzia sasa, katika mazoezi tunayoyasimamia, namba ya saa ya mkononi peke yake haitampangia mtu mwendo. Watakaosema tunapinga teknolojia waseme. Tunachopinga ni kuiamini bila kuikagua.

Saa inakoseaje

Saa ya mkononi haisikii moyo. Inamulika ngozi kwa taa, mara nyingi ya kijani, kisha inasoma mwanga unaorudi, ambao hubadilika kila damu inaposukumwa kwenye mishipa midogo. Mkanda ukilegea au mkono ukitikisika, usomaji huvurugika. Na mkimbiaji hutikisa mkono kwa mdundo uleule wa miguu yake, hivyo saa huweza kushika mdundo wa hatua ikadhani ni wa moyo. Kosa hili halishtui mtu, kwa kuwa hatua za wakimbiaji wengi ni kati ya 150 na 180 kwa dakika, na moyo wa anayekimbia unaweza kweli kufika huko.

Chukua mama wa miaka 40 anayekimbia taratibu. Kwa hesabu iliyozoeleka ya 220 kutoa umri, kilele cha mapigo yake ni 180, na kanda ya pili, yaani asilimia 60 hadi 70, ni mapigo 108 hadi 126. Saa yake inaonyesha 168, nayo imegeuka nyekundu. Lakini anapiga soga na mwenzake, sentensi nzima nzima, bila kukatika pumzi. Afanye nini?

Kwanza, ahesabu mguu wa kulia unavyokanyaga kwa sekunde 30, kisha azidishe kwa 4. Akipata 42, jibu ni 168, sawasawa na saa. Hapo ashuku kwamba inahesabu miguu. Pili, asimame na papo hapo aguse mshipa wa kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, kwa vidole viwili. Asitumie kidole gumba, kina mdundo wake. Ahesabu sekunde 15, azidishe kwa 4. Akipata 31, moyo unapiga mara 124. Asichelewe kuanza, maana mapigo hushuka haraka mtu akisimama. Yuko ndani ya kanda yake. Aendelee na mbio.

Kipi kifuatwe

Saa na pumzi zikipingana, fuata pumzi mpaka vidole vikuonyeshe vinginevyo. Katika mbio za taratibu uweze kusema sentensi nzima. Ukibaki na maneno mawili matatu kwa pumzi moja, hizo ni mbio kali. Kwenye mlima na mbio fupi za kasi usiitazame saa kabisa: hata iliyo nzima huchelewa, nawe unaweza kuwa umemaliza kipande kabla namba haijapanda.

Kuna hali moja ambayo wajuaji hukosea. Kwenye joto na unyevu wa Dar es Salaam, damu nyingi huenda kwenye ngozi na jasho hupunguza maji mwilini, hivyo mapigo hupanda ingawa mwendo ni uleule na mtu anajiona yuko sawa. Vidole vikikubaliana na saa kwamba mapigo yako juu, saa haijakosea. Punguza mwendo, hata kama hujisikii kuchoka.

Kanda zenyewe ni makadirio. Watu wawili wa umri mmoja wanaweza kupishana kilele kwa mapigo 20. Anayetaka kufanya mazoezi kwa kanda avae mkanda wa kifuani, unaopima umeme wa moyo, au aibane saa juu kidogo ya mfupa wa kifundo na kuihakiki kwa vidole kabla ya kila zoezi.

Wanaotumia dawa za presha za aina ya beta-bloka, mfano atenololi, wasitumie kanda hizi kabisa. Dawa hizo hushusha mapigo. Wajawazito na wenye ugonjwa wa moyo waanze kwa daktari.

Onyo

Maumivu ya kifua, kizunguzungu, au moyo kupiga ovyo: simama, hata kama saa inaonyesha 110. Tunarudia: simama, hata kama saa inaonyesha 110. Maumivu ya kifua yakiendelea, nenda hospitali mara moja, na usiende peke yako.

Mwalimu wa kikundi atakayemlazimisha mtu anayehema kuendelea kwa sababu ya namba ya saa ataondolewa kwenye usimamizi wa mazoezi.