Barua ya Askari Mpakani: Baridi, Ujira na Zamu

Mwaka 1973, vibao vyembamba vya mbao vilivyoandikwa kwa wino vilianza kufukuliwa katika ngome ya Kirumi ya Vindolanda, kaskazini mwa Uingereza. Kimojawapo kinamwarifu mpokeaji kwamba ametumiwa soksi, jozi mbili za makubadhi na nguo mbili za ndani. Kwa kuzingatia ushahidi wa aina hiyo, tubuni barua ya askari kijana wa mnamo mwaka 100 B.K.:

“Kwa mama yangu, salamu nyingi. Kabla ya yote, nakuombea afya. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku hupenya hadi mifupani. Ujira hulipwa mara tatu kwa mwaka, lakini chakula, viatu na mavazi hukatwa kwanza. Naomba unitumie soksi. Wenzetu wengi wametumwa kwingine, nasi tuliobaki tunarudia zamu. Mwanao.”

Msomaji asidhani kwamba kuomba soksi ni deko. Hesabu za malipo ya askari zilizohifadhika nchini Misri zinaonyesha makato hayo hayo. Kuhusu zamu, ripoti moja ya Vindolanda inataja askari 752: 456 walikuwa nje ya ngome na 31 walikuwa wagonjwa au majeruhi, wakabaki 265 tu. Kwa hiyo soksi zinabeba mzigo mzima wa barua: mwenye kusimama lindoni mara kwa mara huhitaji joto zaidi, ilhali kila vazi alipewalo humpunguzia ujira.